Karenti resho ni 2.0 lakini hundi ya ami imerudi. Hizo pesa ziko wapi?

BintiChangamwe

Asalaam aleikum jamaa. Ami yangu ana duka la taili na vifaa vya ujenzi hapa Changamwe, na mimi ndiye ninayemshikia vitabu. Hesabu za mwaka zilifungwa tarehe 31 Desemba. Mhasibu wetu wa nje akaandika kwenye ripoti sentensi ambayo ami aliipenda mno, akaniambia nimsomee mara ya pili: karenti resho ni 2.0, biashara ina uwezo mzuri wa kulipa madeni yake ya muda mfupi.

Tarehe 22 Januari hundi ya laki nane tuliyompa msambazaji wa saruji ikarudi, akaunti haina pesa ya kutosha. Ami hajawahi kurudishiwa hundi tangu afungue duka. Siku ile alikaa nyuma ya kaunta hakusema na mtu mpaka adhana ya alasiri.

Hizi ndizo namba za 31 Desemba, kwa shilingi:

```
Benki na M-Pesa                400,000
Wateja tunaowadai            3,600,000
VAT tunayodai KRA              500,000
Kodi ya ghala iliyotangulia    600,000
Stoki                        6,900,000
Mali za muda mfupi          12,000,000

Wasambazaji                  3,500,000
Ovadrafti                    1,300,000
Mkopo wa lori, miezi 12        900,000
Kodi, makato na bili           300,000
Madeni ya muda mfupi         6,000,000
```

Milioni 12 kwa milioni 6, hesabu ni 2.0 kweli. Basi kama kila shilingi ya deni ina shilingi mbili nyuma yake, mbona tumekosa laki nane? Ami anashuku mhasibu kamdanganya. Mimi nashuku kuna kitu sikielewi.

MzeeWaKongowea

Binti, pole na ami yako. Karenti ina mambo yake. Mimi ninayo tangu zamani, na benki hukata ada bila kukuambia, hundi ikifika wakuta salio limepungua. Mwambie ahamishe pesa kutoka akaunti ya akiba siku mbili kabla hundi haijafika, hatapata aibu tena.

BintiChangamwe

Shikamoo mzee wangu, ahsante. Swali langu si la akaunti ya karenti. Ni ule uwiano wa mali za muda mfupi kwa madeni ya muda mfupi, ule ambao benki na wasambazaji huutazama kabla ya kukupa mali kwa mkopo. Na akiba hatuna, yote imo dukani.

KijanaWaTudor

Niko katikati ya masomo ya CPA, hili tumelisoma muhula uliopita. Mhasibu wenu hakukosea. Karenti resho ikifika 2 ni nzuri. Ila hakuwapa kwiki resho, ambayo huiondoa stoki kwa sababu stoki haiuziki mara moja. Chukua milioni 12 utoe 6.9, inabaki 5.1. Gawa kwa 6 upate 0.85. Inatakiwa angalau 1. Kwa hiyo mko chini kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kilichorudisha hundi. Punguzeni stoki kiasi, mambo yatakaa sawa.

HesabuZaPwani

Kijana umeanza vizuri, ila umesimama mapema. Nimefunga hesabu za maduka ya Mombasa zaidi ya miaka 20, na kosa hilo la kutoa stoki peke yake nimelikuta hata kwenye ripoti zilizopigwa muhuri.

Kwiki resho haiulizi "ukiondoa stoki kinabaki nini?" Inauliza ni kipi kati ya hivi kinaweza kuwa pesa mkononi upesi bila ya kukiuza kwa hasara. Anza kuhesabu kutoka kwenye pesa yenyewe, kisha ongeza kinachostahiki. Ukianza juu na kutoa stoki, kila kitu kingine kinapita mlangoni bila kukaguliwa.

Tazama ile laki sita ya kodi ya ghala. Ni mali, kwa sababu nyinyi mnamdai mwenye ghala nafasi ya miezi ijayo. Lakini huwezi kwenda kwa msambazaji wa saruji ukamwambia nitakulipa kwa miezi yangu ya ghala. Hiyo haitakuwa pesa kamwe, itaisha kwa kutumika. Itoe. Umebaki na milioni 4.5, yaani 0.75.

Kisha VAT. Kwa mwagizaji wa taili najua ilikotoka: mnalipa VAT ya asilimia 16 bandarini kabla kontena halijatoka, halafu mali inauzika polepole, kwa hiyo mliyolipa inaizidi mliyokusanya kwa wateja. Ile ziada kwenye iTax inabebwa mwezi hata mwezi na kupunguza VAT ya mauzo yenu ya baadaye. Itawasaidia, lakini haiwezi kulipia hundi ya Januari. Itoe nayo, umebaki na milioni 4, yaani 0.67. Na hapo bado sijagusa wateja mnaowadai.

Binti, nijibu mawili. Katika ile 3.6 ya wateja, ni nani anadaiwa na tangu lini? Na stoki ya 6.9 ni nini hasa? Usinipe jumla. Nenda ghalani ukaiangalie kwa macho.

MamaSamaki_Likoni

Naingilia hapa. Mimi nauza samaki, nawachukua alfajiri kwa wavuvi, nawapelekea mahoteli ya Diani na wengine nauza hapa hapa. Mkisema stoki ndiyo nzito na wateja ndio wepesi, kwangu ni kinyume kabisa. Kolekole na changu walio kwenye barafu leo, kesho asubuhi ni noti mkononi, kwa sababu wasipouzwa kesho wataoza. Hoteli zinazonunua kwa mkopo ndizo zinaninyima usingizi. Zinalipa baada ya siku 60, nyingine 90, na msimu wa watalii ukiwa mbaya hata hazishiki simu.

Sasa mkinihesabia hiyo kwiki yenu mtaitupa pesa yangu ya kesho na kuniachia ahadi za hoteli. Hesabu gani hiyo?

HesabuZaPwani

Mama, umesema kweli, na jambo hilo vitabu vingi hulipita mbio. Kwiki resho ilitengenezewa biashara kama ya ami yake Binti, ambako stoki hukaa. Kwako wewe pesa haina haja ya kupita njia ndefu, samaki anauzwa taslimu kwa siku moja. Ningekuwa mkopeshaji wako nisingeshughulika na stoki yako kabisa, ningeomba orodha ya hoteli na tarehe za ankara. Uwiano ni ule ule, ila kila biashara ina mahali pake pa kuoza, na lazima ujue ni wapi.

BintiChangamwe

Maalim, nimeenda ghalani baada ya Ijumaa. Nimerudi na vumbi na majibu.

Katika wateja, nusu nzima, milioni 1.8, ni mtu mmoja. Ni mkandarasi wa nyumba za kupangisha huko Mtwapa. Ankara yake ya mwisho ina miezi 14. Kila tukimpigia anasema mwenye mradi hajamlipa. Ile nusu nyingine ni mafundi na wateja wadogo, wao hulipa ndani ya mwezi na nusu hivi.

Kuhusu stoki, milioni 1.9 ni kontena moja la taili ambalo siku ya kufunga hesabu lilikuwa bado bandarini Kilindini. Mhasibu aliliingiza kwa sababu tulinunua kwa masharti kwamba likishapakiwa melini huko kwa muuzaji ni letu, na deni lake limo kwa wasambazaji.

Halafu kuna ukuta wa nyuma. Sikuwahi kuuhesabu. Yale maboksi yana msimbo wa shedi pembeni, na taili ya jina moja ikiwa ya shedi tofauti, ukizipanga pamoja sakafuni mstari unaonekana. Mteja mwenye sebule ya mita 30 hawezi kuchukua maboksi 6 ya shedi moja na 9 ya nyingine. Basi kila kontena likiisha hubaki mabaki: maboksi 4 hapa, 7 pale, mengine shedi zake hazitengenezwi tena. Nimehesabu kwa bei tulizonunulia, yanafika milioni 1.4. Kwenye vitabu ni stoki nzuri sawa na nyingine yote. Boksi moja nililolivuta lilikuwa na utando wa buibui mpaka kwenye lebo.

HesabuZaPwani

Sasa tunazungumza. Ukimwondoa yule wa Mtwapa kwa sababu huna dalili kwamba atalipa karibuni, unabaki na laki 4 taslimu na milioni 1.8 ya wateja wanaolipa. Hiyo ni 2.2 kwa 6, yaani 0.37. Kutoka 2.0 mpaka 0.37, na hakuna aliyeiba hata shilingi.

Mhasibu hakudanganya kuhusu mahali pa kuziweka hizo mali. Kanuni za kimataifa za uhasibu zinaruhusu stoki na madeni ya wateja wa biashara yakae kwenye mali za muda mfupi hata kama yatachukua zaidi ya miezi 12, mradi ni sehemu ya mzunguko wa kawaida wa biashara. Nisiyokubaliana naye ni bei. Deni la miezi 14 lilipaswa kutengewa hasara inayotarajiwa. Na stoki huandikwa kwa gharama au kwa kiasi itakachouzika baada ya kutoa gharama za kuiuza, kile kilicho kidogo. Yale maboksi ya ukuta wa nyuma hayana thamani ya milioni 1.4. Kama angeyafanya haya mawili, hata ile karenti resho isingekuwa 2.0.

KijanaWaTudor

Maalim naheshimu, lakini hapo naona tatizo. Ukishamwondoa mkandarasi kwa maoni yako, hiyo 0.37 huwezi kuilinganisha na 1 ya vitabuni wala na duka lingine, kwa sababu hao wengine hujawachambulia wadaiwa wao. Kila duka la ujenzi Mombasa lina mkandarasi wake asiyelipa.

HesabuZaPwani

Hiyo ni hoja nzuri na sina jibu la kuimaliza. Kwa kulinganisha na wengine tumia 0.67 au 0.75, ukisema wazi umetoa nini. Kwa kujua kama hundi yako itapita, tumia 0.37. Ni maswali mawili tofauti, na ripoti ile ilijibu la kwanza ikajifanya imejibu la pili.

Lakini hata 0.37 haikwambii tarehe 22. Uwiano ni picha ya siku moja, nayo hulichukulia deni la wiki ijayo na deni la Novemba kuwa kitu kimoja. Binti, niandikie Januari yenu tu: kilichotakiwa kutoka na kilichoingia.

BintiChangamwe

Kutoka: hundi ya kwanza milioni 1.2, hundi ya pili laki 8, kodi na makato na bili laki 3. Na kulitoa kontena bandarini laki 8, yaani ushuru, VAT, ada ya IDF, ya maendeleo ya reli, wakala na usafiri. Jumla milioni 3.1.

Kuingia: laki 4 iliyokuwepo, wateja wadogo wamelipa laki 9, mauzo ya taslimu baada ya mishahara na matumizi laki 8. Jumla 2.1. Ovadrafti kikomo ni milioni 1.5 na tulishatumia 1.3, ikabaki laki 2.

Nimeitoa sasa hivi kwenye karatasi. 3.1 ukitoa 2.1 ukitoa 0.2. Inabaki laki nane. Ndiyo ile hundi, hata senti haikupotea.

HesabuZaPwani

Na utazame ile laki nane ya kontena. Kwenye mizania ya 31 Desemba kontena limo juu kama mali ya milioni 1.9, lakini gharama ya kulikomboa haimo chini kama deni, kwa sababu siku ile ilikuwa bado haijadaiwa. Kwa hiyo kitu kilichohesabiwa kuwa mali yenu Desemba ndicho kilichokula pesa ya hundi Januari. Mwagizaji yeyote anayefunga hesabu huku kontena likiwa bandarini ana ugonjwa huu, awe anaujua au haujui.

AliyekuwaMikopo

Nilikaa dawati la mikopo ya biashara miaka 11, nimeacha. Niongeze la upande wa pili wa kaunta.

Karenti resho ikiletwa peke yake tulikuwa hatuiamini, kwa sababu ni rahisi kuipendezesha. Chukua hizi hizi namba za Binti na udhani ami angekuwa na milioni 2 taslimu ndani ya ile 12. Tarehe 30 Desemba alipe wasambazaji zote mbili. Mali zinabaki 10, madeni yanabaki 4, uwiano umeruka kutoka 2.0 hadi 2.5. Hakuuza boksi hata moja. Sasa geuza. Biashara yenye mali 4 na madeni 6, uwiano 0.67, ikilipa hizo milioni 2 inabaki na 2 kwa 4, yaani 0.5. Mtu kalipa deni kwa uaminifu na uwiano wake umeshuka. Ndiyo maana tulikuwa tunaomba taarifa ya benki ya miezi 12 na orodha ya wadaiwa kwa umri wa ankara. Tukiona salio limejaa siku nne za mwisho wa Desemba tu, tunajua.

Ila Maalim sikubaliani nawe kwa jambo moja. Ile ovadrafti ya 1.3 umeiacha kwenye madeni ya muda mfupi. Kwa karatasi ni sawa, benki inaweza kuidai wakati wowote. Lakini kwa hali halisi ovadrafti ya duka kama hili hufanywa upya kila mwaka na haishuki. Ni mtaji wa kudumu uliovaa nguo ya muda mfupi. Mimi nilikuwa naihesabu mara mbili, nikiwa nayo na nikiwa sina.

HesabuZaPwani

Na nimeona benki ikikataa kuifanya upya wiki ile ile hundi ziliporudi. Deni linalosubiri huruma ya mtu mwingine siwezi kuliita la kudumu. Liache palipo.

AliyekuwaMikopo

Mara nyingi tulikuwa tunawapa muda. Lakini nakubali uamuzi haukuwa wa mteja.

MzeeWaKongowea

Nimesoma yote, sasa nimeelewa mlikuwa mnazungumzia nini. Nina swali. Mwanangu anafanya kazi duka kubwa la kujihudumia, na nasikia hayo maduka madeni yao ni makubwa kuliko mali zao za karibu, na bado yanafunguliwa kila asubuhi. Hayo yanasimamaje?

HesabuZaPwani

Mzee, wao hupokea pesa kila saa kwenye kaunta, lakini wao huwalipa wasambazaji baada ya siku 60 au zaidi. Mkate unauzwa na kuliwa kabla mwokaji hajalipwa. Uwiano chini ya 1 kwao ni kawaida maadamu mauzo yanaenda. Siku mauzo yakipungua, pesa ya kuwalipa wa jana haipo, wasambazaji wanaacha kuleta, rafu zinakuwa wazi, na mauzo yanapungua zaidi. Nakumatt sote tuliiona rafu zake zikiwa tupu kabla mahakama haijaiweka chini ya msimamizi Januari 2018. Kwa hiyo kwa duka kama hilo tazama siku ambazo wasambazaji wanangoja kulipwa. Zikiwa zinaongezeka mwezi baada ya mwezi, hapo ndipo penye habari.

BintiChangamwe

Nimemwonyesha ami karatasi ya Januari. Ameitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe nililipa kontena kwa hundi ya watu." Alijua anafanya hivyo? Anasema aliogopa ada za kuhifadhi bandarini na siku za kontena kwa kampuni ya meli, akadhani hundi itangoja. Leo amekwenda mwenyewe kwa msambazaji wa saruji, wamekubaliana laki 4 sasa na laki 4 mwisho wa mwezi, ila kuanzia sasa saruji ni taslimu.

Yale maboksi ya ukuta wa nyuma nataka yauzwe kwa mafundi wa vyoo vidogo na ngazi, ambako maboksi manne yanatosha. Ami hataki kushusha chini ya bei ya kununulia. Hilo bado tunavutana.

Na kuna jambo jipya. Mkandarasi wa Mtwapa baada ya kusikia tunataka kwenda kwa wakili ametuma ujumbe, anataka kutupa kiwanja huko huko Mtwapa badala ya milioni 1.8. Ami amefurahi, anasema ardhi haiozi. Maalim, hicho kiwanja nitakiandika wapi?

HesabuZaPwani

Kama mnakichukua kukaa nacho, si mali ya muda mfupi tena. Mali zenu zitashuka kutoka 12 hadi 10.2 na karenti resho kutoka 2.0 hadi 1.7. Ile 0.37 haitabadilika, kwa sababu huyo mtu tulishamtoa. Thamani ya jumla huenda ikawa imepanda, na uwezo wa kulipa hundi uko pale pale. Ami asikiandike milioni 1.8 kwa sababu tu deni lilikuwa kiasi hicho. Mtafute mthamini.

KijanaWaTudor

Na kama wanakichukua ili wakiuze mwaka huu huu? Si kitarudi kwenye mali za muda mfupi?

HesabuZaPwani

Inategemea kama wana mnunuzi anayetafutwa kwa dhati na bei ya haki, au ni nia tu. Hapo wahasibu wawili watakupa majibu mawili.

MamaSamaki_Likoni

Binti, kabla hamjafika kwenye kuandika. Hati ya hicho kiwanja iko kwa jina la nani?

BintiChangamwe

Sijaiona bado. Anasema ataileta Jumatatu.